Bega la Mama Limekaza Kila Upande na Ana Sukari: Limeganda au Mshipa Umekatika?

Swali: Asalam aleikum daktari. Niko Amu, Langoni. Mamangu ana miaka 54, sukari anayo mwaka wa 9 huu. Fuzi lake la kushoto lamuuma miezi 5 sasa, hakuanguka wala hakubeba kitu kizito. Buibui hawezi kuvaa peke yake, kufunga sidiria ndo kabisa, na usiku hawezi kulalia upande ule. Jirani atwambia mshipa umekatika lazima apasuliwe. Ni kweli?

Jibu: Waaleikum salaam. Kwa ulivyoeleza mi naona ni bega kuganda, lakini msibishane na jirani bure, lipimeni hapo hapo nyumbani. Mlaze mama chali kwenye mkeka, kiwiko kiwe ubavuni kimekunjwa, vidole viangalie juu, kisha mwambie alegeze mkono kabisa asisaidie chochote. Wewe mshike karibu na kiganja uupeleke mkono polepole kwa nje, kuacha tumbo. Anza na ule mzima, utaona unakwenda mbali tu. Halafu huu wa kushoto, ukienda kidogo ukakwama kama umegonga ukuta, na hata ukijaribu tena kwa upole hauendi, basi hilo limeganda. Kisha mkalisheni, munyanyue mkono juu vilevile, yeye amelegea, na mtu mwingine aangalie mgongoni, mara nyingi bega lote pamoja na mfupa wa bawa unapanda juu mapema manake kiungo chenyewe hakizunguki.

Mshipa anaousema jirani ni kano, ile kamba inayofunga nyama ya bega kwenye mfupa, na ukikatika haiwi hivyo. Nikupe mfano wa fundi wa majahazi kule Matondoni, mtu wa miaka 60 na kitu, alikuwa akivuta ubao akasikia kitu kimefanya "tak" begani. Toka siku ile akijaribu kunyanyua mkono mwenyewe unafika kifuani unakataa, lakini mpwawe akimnyanyulia unakwenda mpaka sikioni bila shida, ila akimwachia unaanguka. Yaani mlango haujakomewa ila nguvu ya kuusukuma hakuna. Kwa mama yako nguvu ipo, kiungo ndo kimefungwa, awe anajinyanyua mwenyewe au ananyanyuliwa ni sawasawa.

Swali: Sasa sukari inaingiaje begani? Yeye hata kidonda hana.

Jibu: Kiungo cha bega kimezungushiwa utando, madaktari wanauita kapsuli, na kwa mtu asiye na shida ule utando umelegea kwa chini ndo maana mkono unaweza kwenda kila pembe. Sukari ikikaa juu miaka na miaka inang'ang'ania kwenye zile nyuzi za utando, nyuzi zinashikana, zinakuwa ngumu na hazinyumbuki tena, halafu panaingia uvimbe, utando unanenepa na kujikunja. Nafasi inaisha. Wa kwanza kupotea ni ule mzunguko wa kwenda nje niliokwambia upime, kisha kunyanyua pembeni, kisha kupeleka mkono mgongoni. Wenye sukari wanapata hili mara nyingi kuliko wengine, kwao linachelewa zaidi kupona, na lingine la bahati mbaya ni kwamba bega la pili nalo linaweza kufuata baadaye. Mulizeni daktari apime na tezi ya shingoni, ikiwa na shida nayo huleta bega la namna hii.

Swali: Tulikwenda tukapiga eksirei wakasema mifupa iko sawa. Si walikuwa wanatuzungusha tu?

Jibu: Hapana, hiyo eksirei ilikuwa na kazi yake. Utando hauonekani kwenye eksirei, kwa hiyo bega lililoganda linatoka picha safi, na usafi wenyewe ndo jibu, kwamba kiungo hakijalika na hakijachomoka. Na hapa kwa mwenye sukari kuna mtego, mtu akishukiwa na sukari akadegedega, bega linaweza kuchomoka kwa nyuma, mkono ukagoma kwenda nje vilevile kama wa mama, na picha ya mbele peke yake hudanganya. Kama mama aliwahi kuzimia au kudegedega kabla maumivu hayajaanza, wambieni wapige na picha ya upande.

Mtego wa pili ni ultrasaundi. Watu wakishapita miaka 60 wengi wana mshipa uliochanika kidogo na hata hawana habari nao. Sasa ukipiga picha ukaona neno mshipa umechanika ukakimbilia kupasua, na bega lenyewe limekaza, unaweza ukatoka limekaza zaidi. Likikaza, ulegeze kwanza ukakamavu ndo uangalie mshipa. Ila yule aliyeanguka au kuvuta kitu, ghafla mkono ukafa nguvu, huyo asingoje miezi, mshipa uliokatika wote ukiachwa unarudi ndani na nyama yake inageuka mafuta, kushona kunakuwa kugumu.

Swali: Kuna mzee wa kukanda, atampaka mafuta na kumvuta mkono kwa nguvu mpaka ufunguke. Tumpeleke?

Jibu: Kupaka mafuta na kukanda kwa upole juu juu sawa, kuvuta kwa nguvu hapana. Miezi ya mwanzo wakati bado linauma usiku, utando una uvimbe, ukivuta unauchokoza na kesho linakaza zaidi. Mazoezi yapo lakini ni ya pole. Ainame ashike meza kwa mkono mzima, ule mbovu uning'inie, auzungushe viduara vidogo dakika 1 au 2, mara kadhaa kwa siku. La pili, alale chali ashike mpini wa ufagio kwa mikono miwili, kiwiko cha kushoto kimeshika ubavu, kisha mkono wa kulia uusukume ule mwingine kwenda nje hadi anapohisi kuvutika, akae hapo kama sekunde 20, arudi, afanye mara 5 mpaka 10. Kipimo ni hiki, maumivu yanayoisha muda mfupi baada ya zoezi ni sawa, yakibaki mpaka usiku alizidisha. Taulo ya moto kabla ya zoezi inasaidia, lakini wewe ndo upime joto kwa mkono wako, mwenye sukari anaweza kuungua asihisi.

Swali: Daktari ametaja sindano ya steroidi ndani ya bega. Si itapandisha sukari?

Jibu: Itapandisha, kawaida siku 2 mpaka 5, wengine wiki nzima. Lakini ni dawa nzuri hasa kipindi hiki cha maumivu, usiku analala na mazoezi anayaweza. Kabla hajachomwa waangalie kipimo cha miezi 3, kile kimeandikwa HbA1c, kikiwa juu sana daktari anaweza kutaka sukari ishuke kwanza. Baada ya hapo apime sukari asubuhi na jioni wiki ile, awe ameshaambiwa afanye nini ikipanda, hasa kama anatumia insulini. Asijipangie mwenyewe. Na kama ananunua dukani diklofenaki za maumivu kila siku, aziache mpaka figo zipimwe, pamoja na sukari ni balaa.

Swali: Litafunguka lini?

Jibu: Maumivu huanza kupungua kabla ya ukakamavu, msishangae akilala vizuri lakini nywele bado hawezi kuchana. Kwa jumla hesabuni mwaka mpaka miaka 2 au 3, na mwenye sukari anaweza kubaki na ukakamavu kidogo. Likigoma kabisa baada ya miezi 6 au zaidi ya fiziotherapia na sindano, kuna kujaza maji ndani ya kiungo ili utando utanuke, au kulifungua akiwa kwenye usingizi wa dawa. Bega likivimba likawa la moto na homa juu, au maumivu ya bega la kushoto yaje na jasho, kubanwa kifua na pumzi kukata, hayo si ya kungoja kliniki, mpelekeni hospitali saa ile ile hata kama ni usiku.