Siku mbili, kurasa arobaini: uruke nini?

Nimefundisha biolojia na kutunga mitihani yake kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba mwanafunzi aliyebanwa na muda huruka mwisho wa sura. Hakuuchagua. Ameanza ukurasa wa kwanza, usiku wa pili umemkuta ukurasa wa 25, na kilichobaki ndicho kilichorukwa. Kama kuruka hakuepukiki, heri uamue mapema.

Nichukue sura ya usafirishaji wa vitu katika mwili, tuseme ina kurasa 40. Una jioni mbili za saa tatu tatu, yaani saa sita. Toa saa moja na nusu ya kujibu maswali bila kutazama kitabu. Muda huo usiuguse. Zinabaki dakika 270. Ukurasa mmoja, ukiusoma, ukaufunika na kuandika ulichokumbuka, hula kama dakika kumi. Basi una nafasi ya kurasa 27, na 13 lazima ziondoke.

Zipi? Pitia vichwa vya habari kimoja kimoja ukijiuliza: sehemu hii ikichanwa kitabuni, ni ipi huko mbele sitaielewa? Chana muundo wa moyo, na mzunguko wa damu unaporomoka. Chana kapilari, na hutaelewa oksijeni inavyoifikia seli. Hizo hazirukwi hata zikiwa ngumu. Sasa chana historia ya William Harvey na kitabu chake cha 1628 kuhusu mwendo wa damu: hakuna kinachoanguka. Ni habari ninayoipenda sana, lakini ni kurasa tatu zinazoweza kusubiri. Mioyo ya samaki na chura, kurasa tatu, inategemea moyo wa binadamu, na katika sura hii hakuna kinachoitegemea. Limfu, kurasa nne, nayo ni hivyo hivyo. Hatua za kuganda kwa damu, kurasa tatu, ni mlolongo wa majina unaojitegemea. Jumla 13.

Kabla ya kufunga hesabu, fungua daftari na majaribio ya nyuma, maana mwalimu wako hatungi kwa kufuata kipimo changu. Mwanafunzi mmoja aliniletea orodha kama hii, na nilipolifungua daftari lake nikakuta ukurasa mzima wa kuganda kwa damu, mchoro wa mishale umepigiwa mstari mara mbili. Mwalimu aliyetumia kipindi kizima hapo ana swali lake tayari. Tukairudisha sehemu hiyo, ikabidi nyingine ipungue.

Tulipunguza makundi ya damu. Kitabu kilikuwa na kurasa tatu za majedwali ya nani ampe nani damu, na yeye alikuwa akiyakariri mstari kwa mstari. Nikamwambia ashike kanuni moja: utegili wa mtu hubeba kingamwili dhidi ya antijeni ambayo chembe zake nyekundu hazina, kati ya A na B. Kutoka hapo jedwali unalichora mwenyewe. Chembe za kundi O hazina A wala B, kwa hiyo kingamwili hizo hazina cha kushambulia. Mwenye AB hana kingamwili hizo, kwa hiyo hupokea chembe za makundi yote manne. Kurasa tatu zikawa nusu ukurasa. Palipo na kanuni inayozalisha jedwali, ruka jedwali.

Kila ulichokiruka kiachie sentensi moja. Kwa limfu, andika kwamba majimaji yanayovuja kutoka kwenye kapilari na kubaki kwenye tishu hurudishwa kwenye damu kwa mishipa ya limfu. Kwa samaki, andika kwamba damu hupita kwenye moyo mara moja tu katika kila mzunguko, ilhali kwa binadamu hupita mara mbili. Swali fupi likija, utapata angalau alama moja.

Ninaloliogopa zaidi ni kuruka kwa sababu ya ugumu. Utalitambua hivi: jiulize kwa nini ateri inayokwenda mapafuni hubeba damu yenye oksijeni kidogo wakati ateri nyingine hubeba iliyojaa oksijeni. Ukijibu tu kwamba “hiyo ni tofauti na nyingine”, umekariri bila kuuelewa mzunguko. Anayeuelewa atasema ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, na damu hii inatoka moyoni kwenda kuchukua oksijeni. Ukikwama hapo, rudi kwenye mchoro wa moyo hata kama uliupangia jioni moja tu.

Njia hii haifai kwa sura ambayo kila ukurasa hutumia uliotangulia, kama milinganyo ya hisabati. Huko ukichana katikati, mwisho wote unakwenda. Unachopunguza ni idadi ya mifano katika kila hatua.

Na ikiwa jioni ya kwanza imeisha hujamaliza kurasa 13 kati ya zile 27, dakika zako kumi zilikuwa ndoto. Hesabu upya usiku huohuo na uondoe tena, ukianzia na yale yasiyobeba kitu.