Kuiuliza ChatGPT kama ndo imeandika

"Nimebandika insha ya dogo kwenye ChatGPT nikaiuliza we ndo umeandika hii, ikasema ndiyo, si ushahidi tosha huo?"

Hapana ndugu yangu, hauna uzito kabisa. Haina daftari la vitu ilivyowaandikia watu wengine, inapanga tu neno linaloelekea kufuata kwa kuangalia ulichoibandikia, na swali lako lenyewe linaivuta kwenye ndiyo. Mi nilichapa barua niliyoiandika kwa mkono hapa Dodoma 2009, enzi ChatGPT haipo, ikakubali ni yake, nikafungua upya nikauliza "hii kaandika mtu eti?" ikakubali pia! Mei 2023 mwalimu mmoja wa chuo kule Texas alizuia maksi za wanafunzi kwa njia hiyohiyo, angalau mmoja akajisafisha kwa kuonyesha historia ya Google Docs. Muombe dogo rasimu zake.