Kutetea tasnifu ya dini: swali gumu hutoka wapi

Utetezi wa tasnifu, au "kudifendi" kama wanavyosema wanafunzi, ni kikao ambacho mwandishi wa tasnifu anahojiwa ana kwa ana na watahini walioisoma kabla. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mwenyekiti hufungua kikao, mwanafunzi huieleza kazi yake kwa ufupi, kisha mtahini wa nje na wa ndani huanza kuuliza. Msimamizi yupo, lakini kwa kawaida hafungui mdomo kukujibia. Watahini huwa wameshaandika ripoti, kwa hiyo maswali yao mengi yalizaliwa wiki kadhaa nyuma, wakiwa na kalamu mkononi mbele ya kurasa zako.

Wanafunzi wengi huogopa swali la kitabu wasichokisoma. Hilo ni swali jepesi: unakiri hujakisoma, unaeleza ulitumia nini badala yake, mnaendelea. Swali gumu ni lile linaloingia pale hitimisho lilipopita ushahidi. Katika taaluma ya dini upenyo huo una mahali pake maalumu, nao ni pale mtafiti anapoacha kueleza watu wanaamini nini na kuanza kuamua nani yuko sahihi. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kuwa amevuka.

Tuchukue tasnifu ya kubuni: "Maulidi ya Lamu na Mjadala wa Bidaa," yaani mjadala wa kama sherehe hiyo ya kuzaliwa kwa Mtume ni uzushi katika dini. Mwanafunzi amewahoji watu 30, amehudhuria Maulidi ya Mfungo Sita katika Msikiti wa Riyadha, ameeleza jinsi Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alivyoujenga msikiti huo na chuo chake, na jinsi watu wa tabaka la chini walivyopata nafasi pale. Kazi ni nzuri. Kisha sura ya mwisho inasema: "Utafiti huu umebaini kwamba Maulidi si bidaa bali ni sehemu ya Uislamu halisi wa pwani."

Mtahini atauliza hivi: "Hapa umechunguza au umetoa fatwa?"

Swali hilo linauma kwa sababu halina njia ya kando. Kama Maulidi ni bidaa au siyo ni suala la fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na linaamuliwa kwa dalili za Kurani, hadithi na kanuni za usuli. Mahojiano 30 hayawezi kulijibu, hata yangekuwa 3,000. Yanachoweza kuonyesha ni nani anasema ni bidaa, kwa hoja zipi, tangu lini, na kauli hiyo inafanya nini kati ya majirani wanaoswali safu moja. Mwanafunzi aliyeandika kinyume, kwamba utafiti umethibitisha Maulidi ni bidaa, yuko shimo lilelile. Kipimo ninachokiamini ni hiki: jopo linaweza kuwa na sheikh, padri na mtu asiye na dini yoyote. Sentensi ya hitimisho lazima wote watatu waweze kuikubali kwa ushahidi uliopo, bila yeyote kubadili imani yake kwanza.

Jibu zuri halianzi kwa kujitetea. Linasema: "Sentensi hiyo imezidi data. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba waliohojiwa upande wa Riyadha wanayaona Maulidi kuwa ibada halali, na wanatumia hoja tatu ambazo nimezichambua sura ya nne." Halafu unafungua sura ya nne. Sentensi moja ya kusahihisha ni marekebisho madogo. Ukiibishania nusu saa, watahini wataanza kushuku sura nyingine pia.

Lakini swali hilo lina pacha wake, na hapa wengi waliojiandaa nusu huanguka. Ukishasema umesimamisha hukumu, yaani hukuamua ukweli wa imani, mtahini atageuka: "Basi si umejificha? Kuna jambo lolote unalolisema kuwa kweli?" Ninian Smart, aliyekuwa na mchango mkubwa katika kuijenga taaluma hii huko Uingereza, alitetea msimamo wa kutokukubali wala kukanusha kuwepo kwa kinachoabudiwa wakati wa uchunguzi. Msimamo huo hausemi unyamaze kuhusu kila kitu. Simulizi za karama za Habib Swaleh unazieleza kama simulizi: nani anazisimulia, lini, mbele ya nani. Wakati wa kujengwa kwa msikiti ni suala la historia, na hapo unahukumu kabisa: unalinganisha nyaraka na kumbukumbu za wazee, na kauli isiyosimama unaikataa. Mwanafunzi anayeweza kutoa mfano mmoja wa kila upande kutoka kwenye tasnifu yake amelimaliza swali.

Swali la pili hutoka kwenye jina. Katika tasnifu yetu wapinzani wa Maulidi wameitwa "Mawahabi" kuanzia utangulizi hadi mwisho. Mtahini anayeijua pwani atauliza kwa upole: "Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alikuwa Wahabi?" Sheikh Al-Amin alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Alikuwa Mshafii, mtoto wa ukoo mkongwe wa Mombasa, na mapema katika miaka ya 1930 alichapisha Sahifa na kisha al-Islah, magazeti aliyoyatumia kuwaonya Waislamu wa pwani na kukemea mila alizoziona bidaa. Alivutiwa na wanamageuzi wa Misri. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Mzanzibari aliyefasiri Kurani kwa Kiswahili na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alifuata njia hiyo ya kukemea. Hawa wawili hawaingii katika kapu moja na kijana aliyerudi na shahada kutoka Madina miaka ya 1980.

Mwanafunzi hajakosea tahajia wala tarehe. Alichokosea ni kuazima neno ambalo upande mmoja wa ugomvi hulitumia kuutaja upande wa pili, akalifanya kuwa istilahi yake ya kitaaluma. Jopo likiliona hilo litauliza tu: kama neno la uchambuzi ni la upande mmoja, uchambuzi ni wa nani? Mambo ya namna hii hujificha hata katika maneno yanayoonekana safi, kama "Uislamu halisi", "desturi", "ushirikina", "dini ya asili". Kila neno la aina hiyo linahitaji jibu la nani hulitumia, na kama wanaoitwa hivyo hujiita hivyo.

Swali la tatu linaonekana la kitoto: "Maulidi ni nini?" Pwani neno hilo linabeba vitu viwili. Kuna matini inayosomwa: Barzanji, iliyotungwa Madina katika karne ya 18, na Simtud Durar ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, aliyefariki 1915, ambayo ndiyo fahari ya Riyadha na husomwa pamoja na matari. Halafu kuna tamasha zima la Lamu: zefe, ziara ya kaburi, ngoma, mashindano ya majahazi, mbio za punda. Mwanafunzi wetu amenukuu sura ya kwanza maana ya dini ya mwanasosholojia Durkheim ya 1912, inayotenganisha vitu vitakatifu na vya kawaida, kisha hajaigusa tena. Mtahini mwenye ucheshi atauliza: "Punda wa mbio hizo yuko upande gani?"

Chumba kitacheka, lakini swali ni zito. Kama mbio za punda si dini, nani ameamua, wewe au watu wa Lamu? Kama ni dini, mbona Sura ya Tatu imeziacha? Nadharia iliyowekwa mlangoni kwa ajili ya heshima hukuletea swali ambalo usingeulizwa kama usingeiweka. Jibu linaloheshimika ni kuonyesha kwamba mpaka wenyewe unabishaniwa pale Lamu: wapo wanaosema mbio zinavuta vijana karibu na sherehe ya Mtume, na wapo wanaokerwa nazo kama burudani ya watalii. Ukiwa na mahojiano mawili ya kuthibitisha hilo, Durkheim amepata kazi ya kufanya. Kama huna, afadhali kusema mbio hazikuwa katika upeo wako na kutaja ukurasa ulipouweka mpaka huo.

Sasa kuyatabiri haya kabla ya siku. Anza kusoma tasnifu kutoka nyuma. Kila sentensi ya hitimisho yenye "umebaini", "umethibitisha" au "umeonyesha", andika pembeni ukurasa wa data unaoibeba. Zile zilizobaki bila namba ndizo maswali ya mtahini, tena kwa maneno yaleyale. Baada ya hapo nenda kwenye kichwa cha tasnifu, uliza kila neno kubwa linaahidi nini. "Ya Lamu": je, umemhoji yeyote nje ya jirani za Riyadha? "Mjadala": je, wapinzani wamesikika kwa sauti yao, au kupitia wanaowalaumu? Hapa tasnifu nyingi hubanwa, maana kati ya watu 30 unakuta 26 ni wa upande mmoja, na wanawake wawili tu, ingawa wanawake nao wana Maulidi yao.

Kisha tafuta mtu asiyekubaliana nawe akuhoji kwa sauti. Rafiki wa halaka yako au wa kwaya yako hafai, kwa sababu yale usiyoyaona naye hayaoni. Kama tasnifu inatetea Maulidi, mwombe mtu asiyeyasoma. Jibu lisizidi dakika mbili, na liishie kwenye ukurasa. Dalili kwamba hujibu ni mtahini kurudia swali kwa maneno mengine. Akirudia mara ya tatu, nyamaza kidogo na umwambie ulivyolielewa swali lake kabla ya kuendelea. Dalili mbaya zaidi ni kujikuta unajibu kwa aya au hadithi. Aya ni ushahidi wa kile wanachoamini uliowahoji. Kwa hitimisho lako wewe, pale mezani, haithibitishi kitu.

Linabaki swali ambalo watu hulikasirikia: "Wewe mwenyewe husoma Maulidi?" Wengine hulijibu kwa kusema ni jambo la binafsi. Lakini kama wewe ni mwana wa Riyadha, milango iliyokufungukia na iliyokufungia ni sehemu ya mbinu, na ilipaswa kuwa katika sura ya mbinu. Sema ndiyo au hapana, kisha sema ilifanya nini: nani alikukaribisha siku ya kwanza kwa sababu ya jina la babako, nani alikataa kuhojiwa kwa sababu hiyohiyo, na mahojiano gani yalikulazimisha kufuta ulichokuwa umeshakiandika. Hayo ya mwisho yataje kwa ukurasa, pamoja na sentensi iliyofutwa.