Mzozo wa tathmini ya Juni huanzia kwenye karatasi ya Julai

Katika utumishi wa umma Tanzania mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na tathmini ya mtumishi hufuata kalenda hiyo hiyo. Ndivyo ilivyokuwa tangu mfumo wa tathmini wa OPRAS ulipoanza mwaka 2004, na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uliochukua nafasi yake haujabadilisha jambo la msingi: mtumishi na msimamizi wake wanakubaliana malengo mwanzoni, wanayapitia katikati ya mwaka, kisha mwishoni wanapimana. Mimi ni afisa rasilimali watu, na kazi yangu kubwa mwezi Juni ni kusuluhisha watu wawili waliotia saini karatasi moja lakini kila mmoja aliielewa kivyake.

Sentensi inayoleta ugomvi huwa ni ya aina hii: "Kuboresha ukarabati wa mivujo kwa wakati." Hiyo ilikuwa rasimu ya fundi msimamizi wa kanda moja katika mamlaka ya maji, na nitaitumia kama mfano kwa sababu kazi yake inapimika, na bado inapotosha kirahisi. Mwisho wa mwaka fundi atasema, "Bosi, tumeziba mivujo mingi sana." Mkuu wake atajibu kwamba wateja bado wanalalamika. Wote wawili wanasema kweli, na karatasi haina neno moja la kuwaamua.

Lengo lenyewe linaweza kubaki la maneno, kwa kuwa linaeleza tunakotaka kufika: kupunguza maji yanayopotea katika kanda. Kipimo hukaa kwenye matokeo yanayolibeba lengo hilo, na kwa mtumishi wa ngazi hii matokeo mawili au matatu yanatosha. Kila tokeo nalitaka liwe na mambo manne yaliyoandikwa: tunaanzia wapi, tunataka kufika wapi, lini, na takwimu itasomwa wapi. Hilo la nne ndilo watu huliruka, na ndilo linaloamua mzozo.

Tuanze na kipimo kinachowajia wengi, yaani asilimia ya upotevu. Unachukua maji yaliyoingia kwenye kanda, unatoa yaliyotozwa kwenye ankara, tofauti unaigawa kwa yaliyoingia. Tuseme kanda yenye wateja 1,500 hivi inaingiza uniti 34,000 kwa mwezi na inatoza 22,500. Uniti 11,500 hazijulikani zilikokwenda, nazo ni karibu asilimia 34. Je, tumwandikie fundi ashushe asilimia hiyo hadi 25?

Mimi nilikataa. Ndani ya hizo uniti 11,500 yamo maji yanayovuja ardhini, lakini yamo pia maji ya dira mbovu zinazosoma pungufu, ya wezi wa maji, na ya nyumba ambazo msoma dira hakuzifikia akakadiria. Idara ya ankara ikisafisha orodha yake ya wateja, asilimia itashuka na fundi atapata sifa isiyo yake. Ikilegea, ataadhibiwa kwa kosa la wengine. Kipimo hicho kinamfaa mkurugenzi mwenye idara zote mbili chini yake. Kwa fundi tulihitaji namba inayosogea pale tu yeye na kikosi chake wanapofanya kazi.

Mhandisi wa mtandao ndiye aliyetupa namba hiyo. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wamelala na mabomba ya ndani yamefungwa, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita kwenye dira kuu ya kanda kwa sehemu kubwa ni mivujo. Unasoma dira saa 8, unaisoma tena saa 10, tofauti unaigawa kwa 2. Katika kanda yetu jibu lilikuwa uniti 18 kwa saa. Tukalenga 12. Kuokoa uniti 6 kila saa, kwa hesabu ya juujuu, ni zaidi ya uniti 4,000 kwa mwezi, kwa hiyo mkurugenzi naye ataiona faida kwenye asilimia yake bila kumbebesha fundi mzigo wa ankara.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Mahali penye mgao, au ambapo kila nyumba ina simtanki, matangi hujaa usiku na namba inapanda bila bomba lolote kuvuja. Kanda yetu ilikuwa ikipata maji saa zote na simtanki zilikuwa chache, ndiyo maana tuliikubali. Ingekuwa kanda ya mgao tungetafuta namba nyingine, na ni afadhali kuligundua hilo Julai.

Basi tokeo la kwanza likaandikwa hivi: "Mtiririko wa usiku katika dira kuu ya kanda utashuka kutoka uniti 18 hadi 12 kwa saa ifikapo 31 Mei, kwa wastani wa usomaji wa siku saba za mwisho za mwezi huo, kutoka kwenye daftari la dira lililosainiwa na msomaji na mlinzi wa zamu." Ni sentensi ndefu na haipendezi kusoma, lakini hata mtu wa idara nyingine anaweza kuitumia kutoa alama bila kumuuliza yeyote.

Alama zenyewe nazo tuliziandika siku hiyo hiyo. Tulitumia ngazi tano za OPRAS, ambako 1 ilikuwa ya juu na 5 ya chini kabisa, jambo lililowachanganya waliozoea kinyume chake. Tukakubaliana: uniti 10 au pungufu ni alama 1, zaidi ya 10 hadi 12 ni 2, zaidi ya 12 hadi 14 ni 3, zaidi ya 14 lakini chini ya 18 ni 4, na 18 au zaidi, maana yake hakuna kilichopungua, ni 5. Msimamizi akiiacha ngazi hii ipangwe Juni, ataipanga akiwa tayari ana maoni kuhusu mtu aliyeketi mbele yake, na hata awe mwadilifu kiasi gani, maoni hayo yatamvuta.

Tokeo la pili lilihusu kasi. Rasimu ilitaka kupunguza wastani wa muda wa kuziba mvujo. Wastani una njia mbili za kudanganya. Unaweza kufunga taarifa kwenye rejista kabla bomba halijazibwa, au ukaitelekeza mivujo migumu, kwa kuwa ambayo haijazibwa haina muda wa kuingizwa kwenye hesabu. Tukaugeuza: kati ya taarifa zote zilizopokelewa, ngapi zimezibwa ndani ya saa 48. Hapo mvujo uliotelekezwa unabaki kwenye jumla na unamshusha. Saa inaanza kuhesabiwa simu ya mteja inapoingizwa kwenye rejista, na inasimama mteja huyo anapopigiwa na kuthibitisha. Mwaka uliotangulia taarifa zilikuwa 240 na zilizozibwa ndani ya muda 132, yaani asilimia 55. Lengo likawa 85. Na ili haraka isizae kazi mbovu, mvujo uliorudi mahali pale pale ndani ya siku 30 ulihesabiwa kuwa haukuzibwa.

Utaona "kufunga vali 20" au "kufanya doria mara mbili kwa wiki" havimo. Hizo ni kazi za kufika kwenye matokeo, na zina nafasi yake kwenye mpango wa wiki. Ukizipa alama za mwaka, mtu atafunga vali zote 20, maji yaendelee kuvuja, naye awe na haki kamili ya kudai alama ya juu.

Mwezi Oktoba stoo iliishiwa viungio vya bomba, na vilikuja mwishoni mwa Novemba. Hapa ndipo mikataba mingi hufa, kwa sababu fundi hukaa kimya na kulitoa jambo hilo Juni kama utetezi, wakati hakuna tena wa kuthibitisha. Huyu aliandika barua ya maombi stoo akahifadhi nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kwenye mapitio ya Desemba wakakubaliana kwa maandishi kwamba taarifa zilizosubiri viungio ziorodheshwe kando, kila moja na namba yake ya rejista. Lengo la asilimia 85 halikuguswa. Kulishusha lengo kungemsamehe hata kwa mivujo ambayo vifaa vyake vilikuwepo.

Kikao cha Juni kilikuwa kifupi. Usomaji wa usiku mmoja, kwa mfano, ulitoka 45,210 saa 8 hadi 45,236 saa 10. Tofauti ni 26, nusu yake 13. Wastani wa siku saba nao ulikuwa 13, hivyo alama 3. Taarifa za mivujo zilikuwa 260, zilizosubiri viungio 30, na kati ya 230 zilizobaki 198 zilizibwa ndani ya saa 48: asilimia 86, lengo limepita. Fundi hakuifurahia ile 3. Lakini alichobishania ni mvujo mmoja mkubwa chini ya barabara, na namna ya kupata kibali cha kuchimba mapema zaidi mwaka unaofuata, nao huo ndio ubishi ninaoutaka ndani ya chumba kile.

Kuna swali ninaloulizwa na watumishi wa kampuni binafsi wanaotumia utaratibu wa malengo na matokeo makuu ulioasisiwa na Andy Grove pale Intel na kupelekwa Google na John Doerr mwaka 1999. Huko wamesikia kwamba kufikia 0.7 kati ya 1 ni mafanikio. Ni kweli, kwa malengo yaliyowekwa juu makusudi ili watu wajinyooshe. Ukiyaingiza hayo kwenye tathmini inayogusa mshahara au kupanda cheo, mwaka wa pili kila mtu ataandika lengo alilokwisha kulifikia. Yatenganisheni: ahadi ziwe na alama, malengo ya kujinyoosha yajadiliwe bila alama.

Na kama hamna takwimu ya kuanzia, msiibuni. Andikeni kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya kupima, mtaje nani atapima na kwa daftari gani, kisha ifikapo 30 Septemba mjaze pamoja namba ya kuanzia, lengo na ngazi za alama, na wote wawili mtie saini upya.