Wimbi lako halina kosaini? Sifuri umeiweka wapi?

Nimetumiwa tena ripoti yenye sentensi ileile: "Wimbi la inveta hii halina kosaini, kwa hiyo ni safi kuliko la ile nyingine." Aliyeiandika ni fundi kijana anayehudumia pampu za mashamba ya zabibu upande wa Mpunguzi, mtu makini, na hesabu zake zote ni sahihi. Nilipompigia aliniuliza, "Mwalimu, si a_n zote zimetoka sifuri?" Ndiyo, mdogo wangu, a_n, yaani vizidishi vya kosaini katika mfululizo wa Fourier, zimetoka sifuri. Lakini umeziondoa wewe, si inveta.

Chukua wimbi la mraba kama linalotolewa na inveta za bei rahisi: volti +230 kwa nusu kipindi, volti −230 kwa nusu nyingine, hezi 50. Ukianza kuhesabu muda pale volteji inaporuka kutoka hasi kwenda chanya, unapata saini tupu, na vizidishi vyake ni b_n = 920/(nπ) kwa kila n witiri. Kwa hiyo hezi 50 ina volti 293, hezi 150 ina 98, hezi 250 ina 59, na kuendelea. Sasa anza kuhesabu milisekunde 5 baadaye, yaani robo ya kipindi. Waya ni uleule na inveta ni ileile, ila saini zote zimetoweka: a_1 = 293, a_3 = −98, a_5 = 59. Ukichelewa milisekunde 2.5 tu badala ya 5, unapata vyote viwili, a_1 = 207 na b_1 = 207. Kilichoamua ni mahali ulipoweka triga ya osiloskopu.

Kisichobadilika ni √(a_n² + b_n²). Weka 207 na 207 humo, inarudi 293. Hicho ndicho kimo cha hamoniki ya n, yaani wimbi lenye masafa mara n ya hezi 50, na usafi wa mawimbi unalinganishwa kwa vimo. Kukosekana kwa hamoniki za shufwa nako ni habari ya kweli, maana kunasema kwamba nusu ya chini ni nakala ya nusu ya juu iliyopinduliwa, popote utakapoweka sifuri. Hamoniki ya pili ikijitokeza, kagua transista za upande mmoja. Nusu mbili hazilingani tena.

Nikishasema hivyo, wengine hukimbilia upande wa pili: basi tubaki na vimo, na pembe, yaani mahali kila hamoniki inapoanzia katika mzunguko wake, tuzitupe. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli.

Chukua hamoniki mbili tu, volti 293 za hezi 50 na volti 98 za hezi 150, zote zikiwa saini zinazoanzia sifuri pamoja. Jumla yake ina kichwa kilichobonyea katikati, na kilele chake ni volti 276. Sasa geuza ile ya tatu kwa nyuzi 180, vimo usiviguse. Vilele viwili vinakutana, na jumla inafika volti 391. Multimita inayopima RMS halisi itaonyesha volti 218 kwa mawimbi yote mawili, lakini kapasita na insulesheni ya mota zinapambana na kilele.

Tatizo ni kwamba pembe ya hamoniki moja ikisimama peke yake ina udhaifu uleule wa a_n na b_n. Ukisogeza sifuri kiasi kinachozungusha hamoniki ya kwanza nyuzi 10, ya tatu inazunguka 30. Kwa hiyo usilinganishe φ_3, yaani pembe ya hamoniki ya tatu, ya leo na ya jana. Linganisha φ_3 − 3φ_1: ukisogeza sifuri, zile 30 zinafutwa na mara tatu ya 10. Katika mfano wetu, wimbi la kwanza lina 0 na la pili lina 180, hata triga iwe wapi.

Yote haya yanategemea jambo ambalo vitabu hulipita haraka: kwamba kipindi ni kimoja, hakibadiliki. Jenereta ndogo ya shambani haina kipindi cha namna hiyo. Pampu ikianza kuvuta, mwendo unashuka, na dirisha la kurekodi halibebi tena mizunguko kamili. Hapo sehemu ya hezi 150 inavujia masafa jirani, kimo kinapungua kidogo, na pembe ndiyo inayoharibika zaidi. Hamoniki iliyo ndogo karibu sawa na kelele ya kipimo nayo hutoa pembe, kwa sababu kikokotoo hakikatai kugawanya, ila namba hiyo haina maana.

Mimi hurekodi madirisha kadhaa mfululizo na kukokotoa φ_3 − 3φ_1 kwa kila moja. Ikitulia, naiandika. Ikirukaruka, naandika kimo peke yake. Irukeruke kiasi gani ndipo niiache? Mpaka huo nauweka kwa uzoefu, na fundi mwingine anaweza kuuweka kwingine bila kukosea.