Mama ana vidonge aina tano na miguu bado inavimba

Swali: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 74, yuko Kiborloni hapa Moshi. Alikuwa na losatani ya presha, metifomini ya sukari na amlodipini ya 5, nayo ya presha. Mwezi wa kwanza akaanza diklofenaki ya magoti toka duka la dawa, wa tatu amlodipini ikapandishwa 10 sababu presha ilipanda, wa tano miguu ikavimba akapewa laziksi. Sasa akisimama kizunguzungu na miguu bado imevimba. Tumuongezee nini?

Jibu: Marahaba. Msiongeze kitu. Umefanya vizuri sana kuniwekea miezi, maana jibu lote liko hapo. Diklofenaki inafanya mwili ushike chumvi na maji, presha inapanda, na aliyepandisha amlodipini nadhani hakuambiwa kuna kidonge cha dukani. Amlodipini nayo, hasa ikifika 10, huwa inavimbisha vifundo vya miguu, na uvimbe huo sio wa maji kuzidi mwilini, ni mishipa midogo imetanuka na maji yanavujia pale chini, ndo maana laziksi imemkojoza tu na kumkausha mpaka kichwa kinazunguka.

Kinachonitisha zaidi ni figo. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, losatani inalegeza ule wa kutolea, laziksi inapunguza maji yenyewe, kwa hiyo msukumo wa kuchuja unashuka toka pande zote tatu. Mzee anaweza asisikie chochote mpaka siku aharishe kidogo tu, figo zikagoma. Na metifomini inatoka kwa figo hizo hizo, zikigoma inabaki mwilini.

Swali: Kwa hiyo aache zote?

Jibu: Hapana jamani! Aache diklofenaki leo, na asije akabadilishiwa ibuprofeni au meloksikamu, ni ukoo mmoja (zile za mchanganyiko na panado pia, soma nyuma ya pakiti). Magoti atumie panado ya 500, vidonge viwili mara tatu kwa siku, ila kama hafiki kilo 50 au ana shida ya ini muulize mfamasia dozi yake. Losatani, amlodipini na laziksi asiguse mwenyewe, labda laziksi ilianzishwa kwa sababu ya moyo, hilo daktari ndo ajibu.

Wiki hii apimwe damu kuangalia figo, yaani kreatinini na potasiamu, Mawenzi au KCMC, na abebe vidonge vyote pamoja na vya dukani na dawa za mitishamba. Mwambie nesi ampime presha akiwa amelala, kisha akisimama dakika 1 na dakika 3, namba ya juu ikishuka 20 au zaidi hapo kizunguzungu kimejieleza. Akitapika, akiharisha au mkojo ukipungua, hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki mbili bila diklofenaki mrudieni daktari na presha mlizoandika. Zikiwa zimeshuka anaweza kurudisha amlodipini kwenye 5, na uvimbe ukiisha, laziksi haina tena kazi.