Kuseti beslaini upya hakufuti kuchelewa

"Si tukichelewa tunaseti tu beslaini upya kwenye Microsoft Project, chati inakaa sawa?"

Inakaa sawa kwenye skrini tu bosi. Beslaini ni ile ratiba ya awali mliyoihifadhi ya kulinganishia; ukiiandika upya juu ya ile ya zamani, safu ya `Finish Variance` inayoonyesha mmechelewa kiasi gani inarudi sifuri na ushahidi wote umepotea.

Chukua darasa linalojengwa Pongwe, Tanga. Msingi ulipangwa siku 10 za kazi ukala 15, kuta siku 20 zikala 30, yani mmeshachelewa siku 15. Paa limepangwa siku 10. Wengi wanasogeza tarehe ya kuanza paa alafu siku 10 wanaziacha vilevile, jumla 55, na hapo ndo uongo unapoingia, maana kazi zote mbili zimekula mara moja na nusu ya muda uliopangwa.

Uliza kwanza kilichochelewesha. Kama ni mafundi wachache na ndo haohao wanapanda juu, andika paa siku 15, jumla 60. Kama ilikuwa mchanga kuchelewa kuletwa, basi paa halihusiki, 10 zibaki (ila masika nayo uihesabu). Beslaini ya kwanza iache, mpya mwenye mradi akishaikubali ihifadhi kwenye `Baseline 1`.